Namna ya kumwandikia mwandishi wa prompti barua pepe inayoeleza kwa nini picha za awamu ya kwanza hazikufuata maelekezo

Mteja anayepokea picha za kwanza kutoka kwa mwandishi wa kujitegemea wa prompti, yaani maneno yanayoiambia programu ichore nini, na kuona kuwa hazifanani na alichoagiza, huwa na jibu moja la haraka: "Hizi sizo, tafadhali jaribu tena." Jibu hilo humpotezea awamu nzima. Programu ya kuunda picha kwa akili mnemba hujaza yenyewe kila jambo ambalo halikutajwa, na mwandishi asiyejua ni jambo gani hasa lililokosewa hulazimika kubadilisha maneno mengi kwa pamoja, yakiwemo yale yaliyokuwa yameleta kitu sahihi. Awamu ya pili huja na makosa mapya, na mteja huanza kumwona mwandishi kuwa hajui kazi, ilhali tatizo liko kwenye barua aliyoandikiwa.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja wa kutungwa, ambao makosa yake ni yale yanayojitokeza mara kwa mara katika kazi za aina hii. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa aina ya arabika, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Mbale, kinahitaji bango la ukubwa wa A3. Mwandishi wa prompti yuko Kampala na anatumia programu ya kuunda picha iitwayo Midjourney. Maelekezo ya kazi aliyopewa yalikuwa na mistari minne: kwanza, ionekane mikono ya mwanamke ikichuma kahawa mbivu, na uso usionekane kwa sababu mnunuzi ataamini kuwa huyo ni mwanachama halisi wa chama, pili, nyuma yake kuwe na miteremko ya kijani yenye migomba, tatu, bango ni la wima na theluthi yake ya juu iachwe wazi kwa ajili ya maneno yatakayowekwa baadaye, nne, mavazi yawe ya Uganda. Zilirudi picha sita.

Hatua ya kwanza: zipe picha namba na andika kinachoonekana

Zifungue picha kwenye skrini ya kompyuta na si ndani ya mazungumzo ya simu, ambako huonekana ndogo na hukatwa pembeni. Weka karatasi ya maelekezo kando yake, kisha kwa kila picha andika kile ambacho macho yanakiona, bila kusema kama umekipenda au hukukipenda. Katika mfano wetu orodha ilikuwa hivi: picha ya 1 hadi ya 4 zina uso wa mtu, katika picha ya 3 mchumaji amevaa gomesi, katika picha ya 2 na ya 6 matunda ya kahawa yananing'inia kwenye vikonyo virefu, nyuma ya picha ya 4 kuna nyika ya majani makavu na mti wa mgunga wenye kilele bapa, picha ya 6 ina herufi zisizosomeka sehemu ya juu, na picha zote sita ni za mraba.

Sasa hesabu kosa limejirudia mara ngapi, kwa sababu idadi hiyo inaonyesha chanzo chake. Kosa lililopo katika picha zote au karibu zote limetoka kwenye prompti au kwenye mpangilio wa programu, na litarudi awamu ijayo kama maneno hayatabadilishwa. Kosa lililopo katika picha moja tu kwa kawaida ni la bahati, kwani kila picha huanzia kwenye namba yake ya nasibu, na prompti ileile inaweza kutoa picha tano zenye migomba na moja yenye nyika. Wateja wengi hutumia nusu ya barua wakilalamikia picha moja iliyoharibika vibaya kuliko nyingine, wakati mwandishi mwenyewe angeitupa bila kuambiwa. Kwa hiyo mgunga wa picha ya 4 unastahili sentensi moja tu. Uso na umbo la mraba ndiyo mambo ya kuandikiwa kwa kirefu.

Hatua ya pili: tenganisha kilichoagizwa na ambacho hakikuagizwa

Rudi kwenye maelekezo na uulize, kwa kila kosa, ni mstari gani uliovunjwa. Uso umevunja mstari wa kwanza na umbo la mraba limevunja mstari wa tatu, wala hapo hakuna mjadala. Gomesi ni jambo jingine. Maelekezo yalisema "mavazi ya Uganda", na mwandishi akaleta vazi ambalo kila Mganda analitambua papo hapo, lenye mabega yaliyoinuka na mshipi mpana kiunoni. Mtu anayeijua kazi ya shamba anafahamu kuwa gomesi ni vazi la sherehe, la kanisani na la kupokea wageni, na kwamba hakuna anayepanda nalo mteremko wenye matope kwenda kuchuma kahawa. Hata hivyo ujuzi huo haukuandikwa popote, na mwandishi hawezi kulaumiwa kwa kutoukisia.

Hali ya matunda ni hiyohiyo. Tunda la kahawa hukaa limebana tawini, mengi kwa pamoja, mahali majani yanapochipukia, likiwa na kikonyo kifupi mno. Na tawi moja huwa na matunda mabichi ya kijani, yanayoanza kugeuka manjano na mekundu yaliyoiva, kwa wakati mmoja. Programu huchora matunda mekundu yenye vikonyo virefu kwa sababu imejifunza kutoka kwa picha nyingi za matunda mengine yanayoning'inia hivyo, na pia kwa sababu neno la Kiingereza linalotumika kulitaja tunda la kahawa, "cherry", ndilo jina la tunda jingine lenye vikonyo virefu. Maelekezo yalisema tu "kahawa mbivu". Mkulima wa Mbale ataliona kosa hili akiwa mbali, na mnunuzi wa kahawa ataliona haraka zaidi, lakini mbele ya mkataba bado ni maelezo mapya.

Utenganisho huu una uzito wa fedha. Mikataba ya kazi za aina hii kwa kawaida hutaja idadi ya awamu za marekebisho zilizomo ndani ya malipo, na mteja akichanganya makosa ya mwandishi na nyongeza zake mwenyewe katika aya moja, pande zote mbili zitabishana baadaye juu ya awamu ipi ilihesabiwa. Andika mafungu hayo mawili waziwazi, na useme mwenyewe jinsi unavyoihesabu awamu ijayo.

Hatua ya tatu: eleza kinachotakiwa kuonekana, usiishie kwenye kisichotakiwa

Hapa ndipo barua nyingi zinapokwama, na ndipo mteja anapohitaji kuelewa kidogo namna programu inavyofanya kazi. Ukimwandikia mtu, "Ondoa uso," anaelewa. Programu ya kuunda picha huyapokea maneno kama ishara za vitu vinavyopaswa kuwemo, na ndani ya prompti ya kawaida neno la kukanusha huwa na nguvu ndogo kuliko jina la kitu kinachokanushwa, kiasi kwamba prompti inayosema uso usiwepo mara nyingi huishia kuuleta. Midjourney ina njia yake ya kuzuia vitu, `--no`, ambayo mwandishi huiweka mwishoni mwa prompti, hapa ikiwa pamoja na `--ar` inayoweka uwiano wa upana na urefu:

```
--ar 5:7 --no face, text, hat
```

Njia hiyo husaidia, lakini haitoshi ikiwa prompti yenyewe inaanza kwa kumtaja mkulima mwanamke, kwa sababu maneno ya mwanzo huelekea kuwa na uzito zaidi, na mkulima aliyetajwa mwanzoni atakuja na kichwa chake. Dawa ni picha kuelezwa upya kuanzia kwenye tawi: tawi la kahawa liko mbele, karibu sana na kamera, na mikono miwili inaingia kutoka pembeni mwa fremu, ikionekana kuanzia vidoleni hadi chini kidogo ya kiwiko. Kwa maelezo hayo uso hauna mahali pa kukaa.

Kazi ya mteja si kuandika prompti. Binafsi naona mteja anayetuma prompti yake mwenyewe humfunga mwandishi mikono, kisha humlaumu kwa matokeo. Kazi ya mteja ni kugeuza kila katazo kuwa jambo linaloonekana. "Pasiwe na nyika" igeuzwe kuwa "mteremko mkali wa kijani, migomba ikiwa katikati ya miti ya kahawa". "Pasiwe na herufi" igeuzwe kuwa "theluthi ya juu iwe ukungu mweupe wa asubuhi, bila kitu kingine ndani yake". Tazama hilo la pili vizuri: maelekezo yalitaja nafasi kwa ajili ya maneno, na inaelekea mwandishi aliyachukua yalivyo na kuyaingiza kwenye prompti, programu nayo ikajaribu kuandika maneno hayo. Ukisema nafasi hiyo ijazwe na ukungu, unampa mwandishi kitu cha kuchorwa.

Hatua ya nne: taja cha kuhifadhi, na uwe mkweli kuhusu kinachowezekana

Picha ya 5 ilikuwa na mikono sahihi, tawi sahihi na mwanga mzuri. Kosa lake lilikuwa umbo. Mraba ukipunguzwa ili utoshee A3 ya wima, ambayo ni milimita 297 kwa 420, karibu asilimia 29 ya upana hukatwa, na katika picha hiyo kilichokuwa pembeni ni mkono wa kushoto. Mteja asiyelifahamu hilo atasema picha ya 5 imefaa, kisha mchapishaji atampigia simu.

Unapotaja cha kuhifadhi, usitarajie kuwa mwandishi anaweza kuamuru "picha ileile, badilisha umbo tu". Namba ya `--seed`, yaani ile namba ya nasibu ambayo picha huanzia, hurudisha picha inayokaribiana na ya awali pale ambapo prompti na mipangilio vimebaki vilevile. Yakibadilika hayo, picha nayo hubadilika. Yapo mambo yanayoweza kurekebishwa ndani ya picha iliyopo kwa kuchagua sehemu na kuiunda upya, kama vile kidole kilichopinda au upande unaohitaji kuongezwa, na yapo yanayohitaji picha mpya kabisa. Mwachie mwandishi uamuzi huo. Wewe mwambie ni vitu gani viwili au vitatu ambavyo visipokuwepo picha haitakufaa.

Ukali wa picha usiulalamikie katika awamu ya kwanza. Chapa nzuri ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji takriban pikseli 3508 kwa 4961, na picha za majaribio huwa ndogo kuliko hapo kwa mbali. Kukuzwa kwake ni kazi ya mwisho, baada ya picha moja kukubaliwa.

Hatua ya tano: ambatanisha picha halisi

Picha tatu au nne zilizopigwa kwa simu shambani zitamsaidia mwandishi kuliko aya mbili za maelezo. Piga tawi lenye matunda kwa karibu, mteremko wenye migomba wakati wa asubuhi, na shati la kazini likiwa limetundikwa. Usipige nyuso. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha ya mwaka 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Kuipakia kwenye programu ya watu wengine bila idhini yake ni jambo la kuepukwa. Isitoshe, chama hiki kimekataa nyuso tangu mwanzo, na hakuna sababu ya kumpa mwandishi uso wa kuanzia.

Chini ya kila picha andika sentensi moja inayosema itazamwe kwa ajili ya nini. Bila sentensi hiyo mwandishi anaweza kuchukua rangi ya anga wakati wewe ulitaka umbo la tunda.

Hatua ya sita: andika barua

Kabla ya kuandika, kusanya maoni ya kila mwenye sauti. Mwenyekiti akituma ujumbe wa sauti usiku na mweka hazina akapiga simu asubuhi, mwandishi atakuwa na wateja watatu wanaopingana. Barua iwe moja. Huu ndio mfano wake mzima.

> Mada: Bango la kahawa A3 – maoni kuhusu picha 1 hadi 6 na mahitaji ya awamu ya pili
>
> Dada,
>
> Pole na kazi. Tumezipokea picha sita ulizotuma, nami nimezitazama pamoja na mwenyekiti na katibu. Haya ni maoni yetu sote kwa pamoja, na hutapokea mengine kutoka kwa mtu mwingine wa chama.
>
> Picha ya 5 ndiyo iliyo karibu zaidi na tunachohitaji. Tungependa awamu ya pili ianzie hapo, na mambo matatu yabaki: mikono iliyo karibu na kamera, tawi lenye matunda ya rangi mchanganyiko, na mwanga laini wa asubuhi.
>
> Mambo mawili yalikuwemo katika maelekezo lakini hayakufuatwa. La kwanza ni uso, ambao unaonekana katika picha 1, 2, 3 na 4, kinyume na mstari wa kwanza. Kilichokusudiwa ni tawi kuwa mbele, na mikono miwili ya mwanamke ikiingia kutoka pembeni, ionekane kuanzia vidoleni hadi chini kidogo ya kiwiko, bila sehemu nyingine ya mwili. La pili ni umbo. Picha zote ni za mraba, ilhali mstari wa tatu unataka bango la wima. Tukiikata picha ya 5 ili itoshee A3, mkono wa kushoto unapotea. Katika theluthi ya juu tunahitaji ukungu mweupe mtupu. Maneno tutayaweka wenyewe baadaye.
>
> Mambo mawili hayakuwa wazi katika maelekezo, na tunayafafanua sasa. Gomesi ya picha ya 3 ni vazi la sherehe. Mchumaji wa huku huvaa shati la zamani la pamba lililopauka, mikono ya shati ikiwa imekunjwa. Matunda ya picha 2 na 6 yana vikonyo virefu, lakini kahawa hukaa imebana tawini. Tafadhali tazama viambatanisho: cha kwanza ni kwa ajili ya umbo la tunda na jani, cha pili ni kwa ajili ya mteremko na migomba, cha tatu ni kwa ajili ya rangi ya shati.
>
> Nyika iliyo nyuma ya picha ya 4 tunaichukulia kuwa ya bahati, kwani nyingine hazina.
>
> Kwa kuwa tumeongeza maelezo ya mavazi na matunda, tunakubali awamu hii ihesabiwe kuwa ya kwanza kati ya marekebisho mawili ya mkataba wetu. Tunaomba picha nne, kila moja ikiwa na prompti yake na namba ya `--seed`, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Kama kuna jambo hapa lisilowezekana kwenye programu unayotumia, nijulishe kabla hujaanza, tuangalie njia nyingine.
>
> Wasalaam,
> Kwa niaba ya chama

Ombi la prompti na namba za `--seed` lisiachwe, isipokuwa kama mkataba unasema prompti ni mali ya mwandishi. Likipingwa kwa sababu hiyo, uliza tu prompti inaanza kwa kitu gani. Jibu la swali hilo linatosha kugundua kama mkulima bado ametangulia tawi.

Hatua ya saba: isome awamu ya pili kwa mpangilio uleule

Picha nne zikifika, anza na vile vitatu ulivyotaka vibaki, kabla ya kuangalia makosa. Kama nyuso zimetoweka lakini matunda ya rangi mchanganyiko yametoweka pia, yote yakiwa mekundu sawasawa, prompti imeandikwa upya tangu mwanzo badala ya kurekebishwa, na barua yako ya pili inapaswa kuomba sehemu hiyo irudishwe kama ilivyokuwa katika picha ya 5. Kama picha moja tu ina kidole cha ziada, itaje kwa namba na mahali, kwa mfano "picha ya 2, mkono wa kulia, karibu na jani", na uendelee na mengine.

Kama matunda bado yananing'inia katika picha zote nne licha ya viambatanisho, usitumie awamu ya mwisho kuomba jambo lilelile kwa maneno makali zaidi. Mpigie mwandishi simu na mkubaliane kugawana kazi: mtu wa shambani apige picha ya tawi na mikono kwa kamera nzuri, kwa idhini ya mwenye mikono, na mwandishi aunde mteremko, migomba na ukungu wa kuiweka ndani yake. Makubaliano hayo yaandikwe siku hiyohiyo katika barua pepe fupi inayotaja bei ya sehemu mpya, nani atampata mpiga picha, na kwamba malipo ya awamu iliyokwisha hayaguswi.